Shahidi Niliyemvunja Ukutani

Ufa ulianza katika darasa letu, na kwa siku nne mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na habari yake, kwa sababu nilikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la waliofukuzwa mbele. Mwalimu alinipeleka huko tangu Novemba kwa kosa la kuiga namna yake ya kupenga kamasi. Basi nikawa jirani ya ukuta. Mwezi wa Januari, baada ya mvua ya siku nne, jirani yangu akafungua mdomo.

Ulikuwa mstari mwembamba kama unywele. Ulitoka kwenye pembe ya dirisha, ukapanda kwa ngazi-ngazi ukifuata viungo vya matofali mpaka karibu na dari. Siku ya kwanza ncha ya kalamu haikuingia. Siku ya tatu iliingia. Siku ya tano niliingiza ukingo wa rula, nikainua mkono, nikamwambia mwalimu kwa heshima zote kwamba shule imeanza kucheka. Alikuja na fimbo. Alipouona ufa aliisahau fimbo juu ya benchi langu, nami nikaikalia mpaka saa sita.

Jengo lenyewe lilikuwa na umri wa miezi mitano. Madarasa matatu mapya hapa Katuba, yaliyomalizika mwisho wa kiangazi, kabla ya masomo kufunguliwa. Padri, mkuu wa shule yetu, aliyanyunyizia maji ya baraka. Mkandarasi, Mwitaliano mwenye ofisi mjini, alikabidhi funguo na kunywa bia ya mapadri. Lakini mtaani kila mtu alijua nani alisimama juani: baba yangu, kapita wake, msimamizi wa wamasoni, wale mafundi wa kujenga. Nilijisifu sana kwa jengo lile. Nilikuwa nawakataza wenzangu wasiegemee ukuta wa baba yangu na mashati yao machafu.

Kwa hiyo ufa ulipokuwa wa kuonekana na kila mtu, wenzangu walinikumbuka. Mmoja aliniuliza kama baba alijenga na saruji au na bukari ya jana, ugali uliolala. Darasa likacheka, nami nikacheka, maana utani ulikuwa mzuri na mimi ni mtu wa haki.

Padri hakucheka. Nayajua mambo yaliyofuata kwa sababu nilikuwa mteja wa kudumu wa ofisi yake: mara nyingi nilisimama pembeni, uso ukutani, nikisubiri adhabu yangu, na watu husahau kwamba aliyegeuziwa ukuta bado ana masikio. Alitoa kwenye kabati karatasi ya mapokezi ya muda, yenye sahihi tatu: yake, ya mkandarasi, na ya arkitekti aliyechora jengo. Karatasi ile ilisema shule imepokelewa, lakini kwa mwaka mzima mkandarasi bado yuko chini ya garanti. Kasoro yoyote ya kazi yake ikitokea ndani ya mwaka huo, anarudi kuitengeneza kwa mfuko wake mwenyewe. Mwaka ukiisha, wote watatu wanarudi, wanakagua, wanasaini mapokezi ya mwisho, na mkandarasi anapewa ile sehemu ya malipo iliyokuwa imezuiwa. Baada ya hapo, mwenye jengo akitaka kulalamika, njia yake ni mahakamani, na Padri alisema mahakamani mtu anazeeka.

Akapiga barua kwa mashine, vidole viwili tu, akaituma posta kwa rejista ili mkandarasi asije akasema hakuipata.

Mkandarasi alikuja baada ya siku tatu, kofia mkononi. Alipapasa ukuta kama mtu anayepapasa ng'ombe wa kununua.

"Ni ngozi tu, Padri," alisema. "Plasta inakauka, inajikunja. Nyumba mupya yote inafanya vile. Nitatuma kapita na ndoo ya rangi, kesho hautaona kitu."

Padri alikuwa karibu kukubali. Mimi nilikuwa ofisini kwa kosa lingine, la chura, na nilisikia akisema vema, vema. Kisha akasita, akasema afadhali arkitekti aone kwanza, kwa kuwa ufa ukishafunikwa na rangi hakuna tena wa kuulizwa. Mkandarasi akasema ni kumsumbua bure mtu mwenye kazi nyingi. Padri akasema atasumbuka.

Arkitekti alikuwa Mbelgiji mwembamba, na nyundo yake ilikuwa ndogo hata ningeweza kuificha kwenye soksi. Hakuupapasa ukuta. Aliugonga hapa na pale akisikiliza, kisha akatoka nje na kuzunguka jengo. Nje, kwenye pembe ileile, kulikuwa na ufa uleule, unaopanda kwa ngazi zilezile. Aliporudi aliuliza ni ngozi gani inayopasuka ndani na nje kwa mstari mmoja. Mkandarasi akaangalia kofia yake.

Lakini arkitekti hakutaka kubahatisha. Alitaka kujua kama ufa umelala au unatembea. Akakoroga platri, ule unga mweupe wanaofungia mikono iliyovunjika. Sehemu tatu za ufa, moja juu karibu na dari, moja katikati, moja chini ya dirisha, alikwangua rangi na plasta mpaka tofali likabaki uchi, akapaka platri juu ya ufa, kipande kama mkate mdogo, kutoka upande huu kwenda upande ule. Juu ya kila kipande akachora kwa msumari namba na tarehe. Hao, alituambia, wanaitwa mashahidi. Platri haijui kunyooka. Ukuta ukitembea hata kidogo, shahidi anavunjika.

Alisema atarudi baada ya wiki sita. Mashahidi wakiwa wazima, mkandarasi atafunga ufa na kupaka rangi yake, na maneno yatakwisha. Wakivunjika, atachimba chini auone msingi.

Wiki ya pili kulikuwa na mtihani wa aljebra. Aljebra na mimi hatusalimiani. Nilifanya hesabu nyingine, ya kwangu: shahidi akivunjika, darasa ni la hatari, darasa likiwa la hatari, litafungwa, likifungwa, mtihani utafanyiwa wapi? Siku moja kabla ya mtihani, saa ya mapumziko, nilibaki ndani nikijifanya natafuta kifutio. Nikachukua kompasi, nikaichomeka kwenye shahidi namba mbili, wa katikati, nikakaza. Alilia kidogo, tak, akawa vipande viwili. Niliona nimefanya kazi safi. Wenzangu niliwaambia wasubiri muujiza.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, tulikaa kula. Baba alinawa mikono, akaangalia bukari, hakuikata. Mama alimwuliza kama ni mgonjwa. Ndipo akamwambia alichoambiwa na mkandarasi mchana ule mbele ya mafundi wote.

"Ameniambia msingi ni kazi yangu. Kama banachimba na banakuta ubaya, ubaya ni wangu. Ataandika mu buku ya kazi."

Mama aliacha kijiko. Hata mdogo wangu alielewa, na yeye hajui kufunga kamba za viatu. Buku ya kazi ni kitabu kidogo ambacho kila bwana anaandika humo namna ulivyomfanyia. Neno baya humo, na hakuna bwana mwingine atakayekuchukua. Na mtu asiye na kazi hapa mjini, siku moja anaulizwa karatasi zake, siku ya pili anaonyeshwa njia ya kijijini. Yeye, mama, sisi wanne, na aljebra yangu.

Mama alimwuliza kwa sauti ndogo kama msingi ni mbaya kweli.

Baba alieleza, na nilitamani asieleze. Mahali pa darasa letu palikuwa na kichuguu, kirefu kuliko nyumba. Mkandarasi alifurahi nacho, maana udongo wa kichuguu unatoa matofali mazuri. Wafyatuaji wakakila kichuguu chote, tofali baada ya tofali, bila gharama ya kusafirisha, mpaka kikalingana na ardhi, na kila mtu akasema kimekwisha. Lakini kichuguu kina mzizi. Mchwa wanachimba chini kama wanavyojenga juu. Masharti ya kazi yalisema mzizi utolewe wote, mpaka udongo mgumu, shimo lijazwe changarawe nyekundu na kushindiliwa. Kwenye pembe ile baba alichomeka mtaimbo ndani ya mtaro, ukazama kwa uzito wake mwenyewe. Akamwambia mkandarasi. Mkandarasi akaangalia saa, akaangalia zege lililokwisha korogwa, akasema mwaga. Arkitekti alikuwa aje kesho yake asubuhi kukagua mitaro. Alikuta imefunikwa.

"Na weye ulimwaga," mama alisema.

"Nilimwaga."

Sikulala vizuri, na mimi ni mtu wa kulala hata kanisani. Nilikuwa nimevunja kwa mkono wangu kitu ambacho, kikivunjika, baba anakwisha.

Asubuhi niliiba platri kwenye mfuko wa kazi wa baba, kiasi cha kujaza kopo la sigara. Nilifika shule kabla ya kengele, nikakoroga na maji ya kisima, nikavibandua vile vipande viwili, nikapaka shahidi mpya mahali pa wa zamani, mkubwa zaidi kidogo ili afunike pembeni. Nikachora namba mbili na tarehe ya arkitekti. Nilirudi nyuma nikaangalia. Alikuwa mzuri kuliko yule wa arkitekti. Nikafikiri: damu ya umasoni imo.

Mtihani ulifanyika. Sitaki kuuzungumzia.

Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wa ajabu. Nilifika wa kwanza kila asubuhi, nikasimama mbele ya ukuta. Mwalimu alidhani nasali. Niliwaangalia wale watatu mmoja mmoja na kuwaomba wavumilie. Nilijaribu hata kumpunguzia ukuta mzigo: niliwaambia wanene wahamie upande wa mlango. Mvua ya Februari ilikuwa ya hasira, ilinyesha mchana, ikapumzika, ikanyesha tena, na maji yalikuwa yakinywewa na ile pembe kana kwamba chini yake kuna mtu mwenye kiu.

Shahidi namba tatu, wa chini ya dirisha, alivunjika wiki ya nne. Sikumgusa. Niliingia asubuhi nikamkuta na mstari mwembamba katikati, mwembamba sana, kama uliochorwa kwa wembe. Siku mbili baadaye niliinua macho nikaona mstari kama huo kwa namba moja, kule juu karibu na dari, mahali ambapo hata nikisimama juu ya dawati sifiki. Wangu wa katikati alikuwa mzima, mnene, mwenye afya. Nilijipongeza. Sikuwa na akili ya kuona kwamba ufa uliovunja wa juu na wa chini hauwezi kumruka wa katikati.

Wiki ya sita walikuja. Arkitekti na nyundo yake, mkandarasi na kofia yake, Padri na faili lake. Nyuma yao baba yangu, ameshika mwiko na ndoo, kwa maana mkandarasi alimleta akiwa na hakika kwamba kazi ya siku hiyo itakuwa kuziba na kupaka. Tulitolewa nje, tukajazana madirishani. Baba aliniona. Hakunisalimu.

Arkitekti alipanda ngazi akamwangalia namba moja kwa kioo chake kidogo cha kukuzia, akaandika. Akashuka, akapiga magoti, akamwangalia namba tatu, akaandika. Kisha akasimama mbele ya namba mbili. Alisimama muda mrefu. Mkandarasi naye akasogea. Arkitekti akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa shahidi wangu na kuuinua kidogo, hata si kwa nguvu, na shahidi akatoka mzima mzima mkononi mwake kama kigaga cha kidonda kilichopona. Pembeni nilikuwa nimempaka juu ya rangi, na katikati, pale tofali lilipokuwa uchi, juu ya vumbi. Baba angenifundisha, kama ningeuliza.

Mkandarasi alicheka, kicheko cha mtu aliyetoka kifungoni.

"Padri, mashahidi yako ni michezo ya batoto. Moja ni ya uongo, basi yote ni ya uongo. Bwana arkitekti, andika vile. Mimi nafunga ufa leo, tunakwenda kunywa."

Arkitekti hakuandika. Alikuwa anakigeuzageuza kile kipande kwenye kiganja, na uso wake ulionyesha mtu anayepima kama anaweza kumwambia mkandarasi achimbe shimo kwa ushahidi uliochezewa.

Padri aligeuka dirishani. Hakuuliza nani. Aliniangalia mimi tu, na wenzangu wote, marafiki wa kweli, wakasogea pembeni ili aone vizuri.

Niliingia. Padri alichukua kipande, akakiweka mbele ya pua yangu.

"Weye?"

"Miye, Padri."

"Na hii ingine mbili?"

Nilimwangalia baba. Alikuwa anaangalia ndoo. Ndipo nikaona kwamba neno moja linatosha. Nikisema zote ni mimi, hakuna ushahidi, hakuna shimo, hakuna mzizi wa kichuguu, hakuna neno baya kwenye buku. Mimi nafukuzwa shule, basi. Mara nyingi nilikuwa nimetafuta njia ya kuacha aljebra, na sasa njia imefunguliwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ilikuwa njia ya kumfaa mtu.

"Zote," nilisema. "Miye njo nilivunja zote, Padri. Na kompasi."

Mkandarasi alipiga kofia kwenye paja kama anayesema mmesikia. Padri alifunga faili. Na baba akaweka ndoo chini. Aliiweka polepole, akaweka mwiko ndani yake, akavua kofia.

"Bwana arkitekti," alisema, "uyu mutoto anasema uongo. Ile ya juu hawezi kufika. Angalia namna imepasuka: haina alama ya chuma. Ukuta iko inatembea."

"Kapita," mkandarasi alisema, "nyamaza."

"Nilinyamaza siku ya kumwaga, Bwana." Hakuinua sauti. "Chimbeni hapa, kwenye pembe. Chini ya zege mutakuta kichuguu. Mutaimbo utaingia wenyewe. Batoto banakaa hapa."

Mkandarasi aliinua kidole. Nilifikiri atampiga. Padri alikuwa ameshika kifua cha kanzu yake na kutuangalia sisi wawili, mimi na baba, kwa zamu, kana kwamba ndiyo kwanza anagundua kwamba tunafanana pua.

Arkitekti alimwuliza baba kwa utulivu ni siku gani walimwaga pembe ile. Baba alisema: ile jioni kabla ya asubuhi yako. Masikio ya arkitekti yakawa mekundu, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amekuta zege, akakasirika kidogo, na akasaini hata hivyo. Kisha akamwambia mkandarasi alete watu wa kuchimba.

Walichimba nje ya pembe, wawili, kwa zamu. Mvua ilisimama kama inayotaka kuona. Walifika ukingo wa chini wa zege mapema kuliko ramani ilivyosema, na chini yake hapakuwa na changarawe nyekundu wala udongo mgumu. Kulikuwa na udongo wa kijivu, laini, wenye vishimo kama mkate. Arkitekti alishuka mwenyewe shimoni na viatu vyake vya mjini. Alichukua mtaimbo, akausimamisha, akauachilia. Ulizama mpaka nusu. Alipanda, akaomba meza, na tukamletea dawati langu.

Mkandarasi alijaribu mlango mmoja wa mwisho. Alisema kapita amekiri kwa mdomo wake, kapita ndiye aliyemwaga, basi kosa ni la kapita. Arkitekti aliendelea kuandika. Alisema mkataba una sahihi ya mkandarasi, si ya kapita. Aliyemwaga kwa niaba yake ni mkono wake, na mambo kati ya mtu na mkono wake hayamhusu Padri. Akasoma ripoti kwa sauti: kasoro ya msingi, imeonekana na kuandikwa ndani ya mwaka wa garanti, mkandarasi ataimarisha msingi wa pembe ile kwa gharama yake wakati wa kiangazi, mpaka hapo ukuta utategemezwa kwa miti na darasa litafungwa, mapokezi ya mwisho yanasogezwa mpaka baada ya msimu mzima wa mvua mwingine. Asipoanza kwa siku iliyoandikwa, Padri ataleta mkandarasi mwingine, na gharama zitatoka kwenye ile sehemu ya malipo iliyozuiwa. Walisaini wote watatu. Mkandarasi alibonyeza kalamu mpaka ikatoboa karatasi.

Mimi nilipata viboko ambavyo sikuvihesabu, na likizo yangu yote ikauzwa. Padri alisema kwa kuwa napenda sana umasoni, nitabeba udongo.

Mkandarasi alitaka kumfukuza baba siku ileile. Hakuweza. Kujenga msingi chini ya ukuta uliosimama si kazi ya kila mtu: unachimba kipande cha mita moja chini ya msingi wa zamani, unashuka mpaka udongo mgumu, unajaza zege, unasubiri likaze, kisha unaruka vipande viwili na kuchimba kingine, usije ukaacha ukuta wote hewani. Fundi wake mwingine alishuka mara moja, akaona matofali yametanda juu ya kichwa chake, akapanda na kusema ana watoto. Baba naye ana watoto, mmoja wao akiwa anabeba ndoo juu ya shimo, lakini alishuka. Kiangazi kizima nilimwona kuanzia mabegani kwenda juu. Mkandarasi alikuja kila Jumamosi, akasimama ukingoni, hakumsemesha. Kitu pekee alichouliza ni kama mtaimbo unaingia. Baba alikuwa anaupiga mbele yake. Ulilia kama kengele.

Hivyo baba akawa na kazi kwa muda wa garanti, na nyumbani tulihesabu misimu. Mvua zilikuja, zikanyesha kuliko mwaka uliotangulia. Arkitekti aliweka mashahidi wapya watatu, na mara hii walizungushiwa waya kama kuku. Hawakuvunjika. Mwisho wa Aprili, mwezi uliopita, walirudi wote, wakagonga, wakazunguka, wakasaini mapokezi ya mwisho kwenye ofisi ya Padri. Mkandarasi aliikunja karatasi yake, akatoka, akampita baba mlangoni na kumwambia afike ofisini Jumatatu na buku yake ya kazi.

Jumatatu baba alivaa shati jeupe. Mama hakupika. Alirudi saa tisa, akaketi, akaitoa buku mfukoni na kuisukuma mezani kuelekea kwangu, kwa maana yeye Kifaransa anakisikia lakini hakisomi. Kulikuwa na muhuri wa kuachishwa kazi. Chini ya muhuri mistari miwili, mwandiko wa haraka. Niliisoma kwanza kimoyomoyo. Mama aliniambia nisimtese mtu.

"Imeandikwa: Masoni muzuri sana," nilisema. "Halafu imeandikwa: Anasema sana."

Baba anasema sana! Mtu ambaye katika miaka yangu kumi na saba nimemsikia akisema sentensi ndefu mara mbili.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena. Mama akaenda kuwasha moto. Baba aliichukua buku, akalifuta jalada kwa kiganja, akaniuliza kama yale maneno ya pili yanasomeka vizuri, hata kwa mtu mwenye haraka. Nikamwambia yanasomeka sana. Nilimwambia pia, kwa kuwa mdomo wangu haujajifunza kitu, kwamba naweza kuyafuta kwa wembe, kwa ufundi, arkitekti mwenyewe asione.

"Acha," alisema.

Kesho yake alipita kwa wakandarasi wawili wa mjini. Wa kwanza alisoma mistari yote miwili na kumrudishia. Wa pili alisoma mstari wa pili mara mbili, akamwuliza ni kitu gani alichokisema. Baba alimweleza, kuanzia kichuguu. Ameambiwa arudi Ijumaa.